Mfuko wenye Alama ya Kinu

Tulipohamia Sumbawanga kutoka Mbeya, mume wangu akiwa mtumishi wa serikali, nilianza kusaga unga wa uji pamoja na jirani yangu wa mtaa wa Chanji, mama wa Kifipa aliyelima ulezi na karanga. Unga wetu ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba mtu akiumaliza, hakujua aulizie wa nani.

Basi tukaomba kwa muuza vitambaa karatasi za kaki zilizofunga majora yake. Tulizikata, tukazigundisha kwa uji mzito wa muhogo, na jirani akachonga kinu kwenye kiazi kibichi. Tulikichovya kwenye wino, tukagonga kila mfuko na kuuacha ukauke kabla ya kutia unga uliokwisha poa. Tulifunga kwa uzi wa katani, fundo la kuvuta mara moja. Juu ya unga tuliweka kijikaratasi chenye maelezo ya kupika, na karanga chache za kukaanga zilizofungwa peke yake, mafuta yasiingie kwenye unga.

Watu walizipenda zile karanga kupita kiasi. Akina mama waliokuwa kwenye elimu ya watu wazima walituambia wanasoma kijikaratasi kwa sauti jikoni. Kutoka Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, madereva wa malori walileta maagizo: "Wanataka ule wa kinu."

Maagizo yalipozidi, tukapeleka mifuko kwenye duka la ushirika. Baada ya muda yakakoma kabisa. Nilikwenda kuangalia, nikamkuta msimamizi akipasua mifuko yetu na kumimina unga kwenye gunia moja na unga mwingine. Karanga alikuwa anatafuna.

"Ndugu, mbona unafanya hivyo?" nikamuuliza.

"Unga ni unga, mama. Hapa tunauza kwa kupima. Mambo ya kupamba karatasi ni ya kibepari."

"Lakini watu watatujuaje?"

"Wawajue ya nini? Waule tu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi kichwa kinauma, na jirani yangu alipoketi kunisikiliza, hakunituliza. Alisema tu, "Wateja wataonja lile gunia, watadhani ndio wetu."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tuliacha kupeleka dukani. Tukawa tunabeba mifuko wenyewe hadi yanaposimama malori, mvua au vumbi, na kumwomba kila dereva asiiweke chini ya mizigo mizito. Wengine waliiponda hivyohivyo. Kasanga walirudi kuagiza, mmoja baada ya mwingine. Mjini hawakurudi; nilimsikia mwanamke sokoni akimwambia mwenzake kwamba ule unga wa kinu siku hizi una mchanga. Nilisimama pale na kikapu changu, nikaanza kumweleza, naye akanitazama kama namdanganya.