Mabati Juu ya Mabati

Nimeuza mabati kwa miaka mingi bila kupanda juu ya paa hata mara moja. Nalisema mapema, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Kampemba waliniamini kama fundi, nami sikuwahi kuwakatalia. Nilitoka Kivu ya Kaskazini nikiwa kijana, nikarithi depo, duka la mabati la mjomba wangu, karibu na soko. Sisi watu wa kule tulisifiwa kwa mambo mawili: tunaamka mapema na hatugusi pombe. Mteja akija kununua mabati, nilikuwa na desturi ya kwenda mwenyewe nyumbani kwake, kupima paa kwa hatua nikiwa chini, na kumwambia idadi. Walipenda sana hilo. Walisema bei yangu haina ujanja.

Mwaka ninaoukumbuka, pesa za nchi zilikuwa zikiyeyuka mkononi na askari walikuwa hawalipwi. Kila juma uvumi ulipita kwamba kesho watavunja maduka. Wenzangu wawili wa mtaa wa pili walikuwa wameshaporwa hadi milango. Mimi nilikuwa na rundo la mabati lililofika dirishani, nami sikulala kwa ajili yake. Dola zingeingia ndani ya soksi. Mabati hayaingii. Nilitaka yaondoke, na sikujali sana yanakwenda wapi.

Ndipo akaja mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini ya Katanga, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amepata malipo ya mwisho ya marehemu mume wake baada ya kuyafuata ofisini miaka mitatu. Nyumba yake ilivuja kila mahali. Alikuwa na hofu moja tu: cherehani yake. Ilikaa katika chumba cha nyuma, na masika yaliyopita alikuwa ameshona chini ya mwavuli. Aliniambia hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka.

Nilikwenda. Nilimkuta na fundi seremala, jirani yake wa shirika moja la sala kanisani, mtu mwembamba aliyejenga nusu ya paa za mtaa ule. Kila mtu alijua kwamba Jumamosi hunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Kila mtu alijua pia kwamba siku za kazi haigusi, ila hili la pili halikusemwa mara nyingi.

Fundi alitaka kuvua mabati ya zamani yote ya upande wa nyuma kabla ya kuweka mapya. Nilimwonyesha ncha za mbao zilizotokeza nje ya ukuta. Zilikuwa kavu, ngumu, safi.

"Mbao ya inje inadanganya," akasema. "Ile inapigwa na mupepo, inakauka. Fasi inaola ni ndani, pale misumari ya zamani inapitisha mayi, na pale chevron inalala juu ya ukuta."

Kuola ni kuoza, na chevron ndiyo mbao inayoshuka kutoka mgongo wa paa hadi ukutani na kubeba kila kitu. Ndani ya nyumba dari ya mbao nyembamba ilizifunika zote, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuziona. Aliomba ruhusa ya kuinua bati moja tu katikati, achome mbao kwa bisibisi. Ikiingia kwa urahisi, imeoza. Mama akaangalia mawingu, akaangalia barabara, akakataa hata hilo moja: aliona kuvua kukianza hakutaishia hapo. Paa likiwa wazi siku tatu, mvua ingeingia, na wezi wangeingia kabla ya mvua.

Basi tukafanya hesabu. Fundi alichukua kipande cha makaa akaandika ukutani, jikoni. Hesabu yake ilikuwa hivi: tuvue nusu ya nyuma, tununue mabati mapya kumi na manne tu. Yale ya zamani yaliyo mazima yahamie mbele kuziba matundu. Yaliyotoboka yauzwe kwa wafua mabati, wale wanaotengeneza mbabula, majiko ya makaa, na pesa hiyo inunue mbao mpya za nyuma. Upande wa mbele ungesubiri mwaka mwingine.

Hesabu yangu ilikuwa fupi zaidi. Mabati thelathini, nyumba nzima, mara moja. Mbao mpya nyembamba juu ya mabati ya zamani, misumari mirefu ipite hadi kwenye mbao za chini, kisha mabati mapya juu. Hakuna kuvua, hakuna paa wazi, siku mbili za kazi badala ya tano.

"Na uzito?" fundi akaniuliza. "Ile ya zamani iko nzito, ni ya wakati wa Wabelgiji. Tunaongeza mbao ya mukaratusi ingali mubichi, tunaongeza tôle ingine. Na musumari itashika wapi kama chini kunaoza?"

Nikainua hiyo tôle, bati langu jipya, kwa mkono mmoja, jembamba lile, nikampa mama alishike. "Mama, ona. Hii iko na uzito gani? Fundi anapenda kazi ikuwe mingi."

Mama akacheka. Fundi hakucheka.

Naona haya hadi leo kwa kile nilichokiacha nje ya hesabu. Mama aliponiomba nimjumlishie hesabu zote mbili, kwenye upande wa fundi nilitaja mbao mpya, siku za ziada, hatari ya wezi. Sikutaja mbabula. Nilijua bei ya bati la zamani kwa wafua mabati. Nilipita kwao kila asubuhi. Kama ningeitaja, hesabu zingekaribiana, na mimi ningeuza mabati kumi na manne. Nilitaka kuuza thelathini. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulijua kabisa mahali pa kupinda na mahali pa kunyamaza.

"Papa anasali," mama akamwambia fundi, akinionyesha mimi. "Hawezi kunidanganya."

Fundi akatazama hesabu yake ukutani. Reli ilikuwa imesimama, kampuni ya migodi ilikuwa imesimama, hakuna aliyejenga. Alikuwa na nyumba ya kulisha. Alisema tu, "Mama, minafanya vile unasema, lakini minakuambia mbele ya huyu papa: miye nilipenda tutoshe." Kutosha ni kuondoa: alitaka ya zamani yavuliwe. Akaufuta ukuta kwa kiganja. Alama nyeusi ikabaki.

Kazi ilikwisha kwa siku mbili. Paa likang'aa hadi watu wa barabarani wakasimama. Nilipewa sahani ya bukari, yaani ugali, na samaki, nikala sana. Juma lile lile niliuza mabati yaliyobaki, na askari walipokuja kweli kuvunja, walikuta depo yangu ina misumari na kalenda. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kanisani. Nilidhani nina akili.

Mvua za kwanza zilipita vizuri. Hata tone moja halikuingia. Mama alinitumia maembe. Kumbe kutovuja ndiko kulikotuficha mambo, maana zamani tone lilionyesha mahali pa ugonjwa, na sasa hapakuwa na tone. Mbao zilizokwisha kuoza zilikaa gizani chini ya tabaka mbili, zikibeba mzigo ambao hazikuwahi kubeba zikiwa nzima.

Katikati ya masika, alasiri moja, upepo ulikuja pamoja na mvua. Mama alikuwa jikoni nje akichochea chungu. Alisikia mlio mrefu, halafu kishindo. Chevron mbili za chumba cha nyuma zilikuwa zimekatika pale zinapolala juu ya ukuta, na upande wote ukashuka: mabati mapya, mbao mbichi, mabati ya Wabelgiji, dari. Vyote vililala juu ya cherehani.

Nilifika kesho yake. Fundi alikuwa hapo tayari, ameshika kipande cha mbao, anakivunja kwa vidole kama mkate mkavu wa jana. Nje kilikuwa kigumu. Ndani kilikuwa unga na njia za mchwa. Alinionyesha tu, kisha akakiweka chini taratibu. Cherehani ilikuwa imepinda mkono, na gurudumu limepasuka katikati.

Jumapili shirika lao lilikutana uani kwa mama, nami nikaitwa kama mtu wa busara. Walitaka kujua kosa ni la nani. Mama alilia akisema fundi amemmaliza, kazi yake ilikuwa mbovu. Wazee wakamuuliza fundi. Akajibu, "Nilisema tutoshe. Papa iko hapa, alisikia." Wote wakanigeukia.

Ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja ingetosha. Lakini ningesema, ningelipa paa, na kila mteja wa Kampemba angesikia. Mdomo wangu ukatoa hivi:

"Miye ninauza tôle tu. Mambo ya mbao ni ya fundi." Halafu nikaongeza, bila mtu kuniuliza, "Na sijue kama siku ile alikuwa amekunywa."

Nilijua. Hakuwa amekunywa.

Wazee walitikisa vichwa, wakamwambia fundi aombe msamaha. Alisimama kitambo akiniangalia, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayepima mbao. Akaomba msamaha. Baada ya hapo shule ya parokia ilimpa mtu mwingine kazi ya madawati, na nyumba moja baada ya nyingine ikaacha kumwita. Mama alihamia chumba cha mbele na kuanza kuuza maandazi. Nilimpelekea mabati manne bure. Akanibariki mbele ya watu, nami nikapokea.

Serikali ikabadilika, pesa zikabadilika jina. Nilinunua nyumba ya zamani katika mtaa wa Naviundu, paa lake limechakaa. Asubuhi moja niliona baiskeli iliyojaa magunia ya makaa ikisukumwa mbele ya lango. Aliyeisukuma alikuwa fundi. Nikamwita, nikamwambia nina kazi ya paa. Nilifikiri nitamwambia na lile jingine, la kumwomba radhi. Nilikuwa nimelipanga moyoni miaka yote, maneno yake yote, hadi salamu ya mwanzo.

Aliegesha baiskeli, akatazama juu. "Patron," akaniita kama bosi wake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "tunatosha ya zamani kwanza, ao tunapiga ya mupya juu yake?"

"Tutoshe," nikasema. "Yote."

Akaitikia kwa kichwa. Lile jingine sikulisema. Mabati ya zamani tuliwauzia wafua mbabula, na pesa ikanunua mbao karibu zote, kama alivyoandika siku ile kwa makaa.

Siku ya nne mama alipita na beseni lake la maandazi kichwani. Alimwona fundi juu ya paa langu, akasimama langoni, akanong'ona kwa nguvu kama wanavyonong'ona wazee.

"Papa, ule mulevi njo unamupatia kazi? Kweli uko na roho muzuri."

Juu, nyundo ilinyamaza. Nilijua anasikia, na nilijua anangoja. Mama naye alinitazama kwa upendo.

"Aksanti, mama," nikasema.

Nyundo ikaanza tena.