Harufu Tatu za Waridi

Pale kliniki ya meno jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Wote walimwita Waridi, kwa sababu ya mafuta aliyojipaka. Yalikuwa mafuta mazito ya udi na waridi, yale ambayo mtu akipita nayo kwenye korido leo, kesho bado unajua alipita. Alikuwa msaidizi wa daktari. Kazi yake ilikuwa kusimama upande wa pili wa kiti, kushika bomba la kunyonya mate, kumpa daktari kioo kidogo kabla hajakiomba, na, hili ndilo alilolipenda kuliko yote, kuweka mkono kwenye bega la mgonjwa pale sindano ya ganzi inapoingia. Watu wazima na ndevu zao wameshika mkono wake kama watoto. Yeye aliona hiyo ndiyo kazi, mengine ni kuosha vyombo.

Basi siku moja mama mmoja mjamzito alilala kwenye kile kiti, akafungua mdomo, Waridi akamwinamia na bomba. Yule mama akafumba macho, akakunja uso, akamsukuma kwa mikono yote miwili, akakimbilia sinki. Aliporudi alimwambia daktari, kwa adabu kabisa, kwamba si jino lililomtapisha.

Daktari alikuwa kijana mpole, wa kuomba samahani hata akikanyagwa yeye. Alisubiri chumba kiwe kitupu.

"Dada," alisema, "sijui nianzie wapi."

"Anzia popote, daktari."

"Manukato yako. Mgonjwa amelala chali, mdomo wazi, hawezi hata kugeuza kichwa. Wewe uko juu ya pua yake. Harufu ibaki kwako, isimfikie yeye. Ikishindikana, itabidi ukae chumba cha nyuma, kwenye vyombo, mwingine asimame hapa."

Kilichomchoma Waridi si kuambiwa ananukia. Kilichomchoma ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa anasikia kitu. Kwa muda mrefu sasa alikuwa anaamini kwamba mafuta yake yamechakachuliwa, kwamba siku hizi wanayachanganya na maji, na kila asubuhi alikuwa anaongeza kidogo. Shingoni, viganjani, nyuma ya masikio, kwenye kola ya sare. Akinusa, kimya. Anaongeza tena.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa muuza manukato, mwanamke mfupi mwenye duka jembamba kama korido, rafu za chupa huku na huku. Alikuwa anauza kwa kupima kidogo kidogo, ndiyo maana wateja walimwita Bi Matone. Waridi aliingia na shari.

"Bi Matone, mafuta yako siku hizi ni maji."

Bi Matone hakuinua hata kichwa. "Shoga, nimekusikia tangu umepita kwa fundi saa. Nikasema, huyo anakuja."

"Umenisikia vipi nami sijisikii?"

Hapo ndipo Bi Matone alipoweka chini funeli yake na kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeliona jambo hilo mara nyingi. Akamvutia kiti.

"Saa yako ya ukutani nyumbani, inagonga?"

"Inagonga."

"Unaisikia?"

Waridi akafikiri. Kweli, hakumbuki mara ya mwisho.

"Pua nayo ndivyo ilivyo. Ukiipa kitu kimoja kila siku, asubuhi na jioni, kazini na kitandani, inasema hiki nakijua, na inaacha kukuambia. Mafuta ni yale yale. Wewe ndiye umeyazoea. Sasa unaongeza, na wenzako wanakufa."

Waridi aliuweka mkoba magotini. Miaka yote hiyo ananukia na yeye hayupo. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba unaimba usingizini na mtaa mzima unaujua wimbo.

"Huhitaji kuacha manukato," Bi Matone aliendelea. "Unahitaji matatu. Moja la kazini, moja la jioni, moja la siku zako za mapumziko. Kila moja likiondoka, pua inapumzika. Likirudi, unalisikia."

"Matatu? Mimi si malkia."

"Malkia ana mia na hajui pa kuanzia. Wewe utakuwa na matatu na utajua kila moja linafanya nini."

Akaanza na la kazini. Alipuliza kwenye kijikaratasi, akakipunga hewani spiriti iruke kwanza, ndipo akampa. Waridi alinusa ndimu, kali, safi. Akasema nataka hili. Bi Matone akasema hapana, bado hujalijua. Akampulizia kidogo kwenye mkono, upande wa ndani, na alipoona Waridi anataka kusugua mikono akamkamata. "Usisugue. Liache lijifungue lenyewe. Nenda kazunguke, rudi."

Waridi akazunguka mtaani. Alitazama viatu asivyovihitaji, akaongea na muuza vitambaa. Akinusa mkono, ndimu imekwisha. Mahali pake pamekuja kitu cha kijani, kama majani ya chai kabla hayajakauka. Akasimama katikati ya njia watu wakimpita. Alipozunguka tena, majani nayo yamesogea, na karibu kabisa na ngozi pamebaki miski nyepesi, kama shuka iliyoanikwa juani. Mpaka uweke pua pale pale ndipo uisikie. Aliinua macho akatazama watu wanaopita, akitamani kumshika mmoja amwonyeshe. Tone moja, na ndani yake mna asubuhi, mchana na jioni, kila kimoja kinasubiri zamu yake.

Aliporudi dukani hakuwa na shari tena.

"Hili litakaa kwako," Bi Matone alisema. "Ukitoka kuoga, puliza mara moja tu, kifuani, chini ya nguo. Mikononi usiweke kabisa, mikono yako ndiyo inayokwenda usoni pa mgonjwa. Na daktari akisema hata hili hapana, basi usiweke kitu. Kazini pua ya mwenzako ndiyo hakimu."

Kesho yake Waridi alifanya kama alivyoambiwa, akaingia kliniki kifua mbele. Daktari aliinama juu ya mgonjwa wa kwanza, akainuka, akamtazama Waridi kwa huzuni juu ya barakoa.

"Dada, nilikuomba."

"Nimepuliza mara moja tu, daktari. Naapa."

Daktari hakubishana naye. Alimwonyesha tu mlango wa chumba cha nyuma, tena akaomba samahani.

Siku zile za chumba cha nyuma zilikuwa ndefu. Alisugua vyombo, akavipanga kwenye mashine ya mvuke, na kupitia ukutani alikuwa anasikia wagonjwa wakiguna bila mkono wa kushika. Mpokea wageni ndiye aliyesimama kitini badala yake, msichana mzuri, lakini akiona damu anageukia ukuta.

Jioni moja Waridi alimuuliza mumewe, ambaye ni seremala na muda wote ana unga wa mbao kwenye nyusi.

"Wewe unanisikia nikinukia?"

"Wewe? Hapana." Akafikiri. "Mimi nilidhani ni nyumba."

"Nyumba?"

"Nilidhani kuta zetu ndivyo zinavyonukia, mama watoto. Kabati nikilifungua hunipiga kibao."

Waridi akasimama. Akaenda kwenye kabati, akafungua, asisikie kitu, kama kawaida. Lakini alipeleka mkono nyuma ya zile sare zilizotundikwa, pale anapoweka chupa yake, akagusa utelezi. Kizibo kilikuwa kimelegea. Mafuta yalikuwa yametiririka kwenye ubao, na kila sare, kila sweta, hata shela ya kwenda kazini, ilikuwa imekaa humo inakunywa usiku na mchana. Alikuwa ameosha mwili akaja kuvaa harufu ile ile kitambaani.

Bi Matone alipoletewa sare moja kwenye mfuko aliushika mfuko kwa mbali. "Mafuta hayatoki kwenye nguo kwa kuoga wewe," alisema. "Loweka, tia siki kwenye maji, fua kwa sabuni isiyo na harufu, anika juani. Ukimaliza, rudia. Na chupa iwe mahali pa giza na baridi, mbali na nguo, kizibo kimekaza."

Ikawa ni kufua. Mumewe aliutoa ule ubao wa kabati, akaupiga randa, alipoona harufu imeingia hadi ndani akaweka mwingine. Siku zote hizo Waridi hakupaka kitu, isipokuwa Jumamosi, siku aliyokwenda kuchagua la mapumziko. Hilo halikumsumbua. Lilikuwa na maganda ya chungwa na chini yake mti wa sandali, harufu ya ukarimu, isiyo na haja ya kunong'ona. Alilipuliza shingoni na kwenye upindo wa gauni, akaenda nalo sokoni, akaenda nalo kwa dada yake, akapalilia nalo maua. Mumewe alimfuata bustanini na jembe ambalo hakulitumia.

"Wewe unatafuta nini?" Waridi akamuuliza.

"Nanusa tu."

Na Jumapili, jua lilipokuwa linashuka na wageni wanatarajiwa, alikwenda kuichukua ile chupa ya zamani, ambayo sasa ndiyo ya jioni, kwenye droo ya chumba kingine. Alikuwa hajaigusa tangu aanze kufua. Akafungua kizibo, akachovya ncha ya kidole, akagusa nyuma ya sikio, tone dogo ambalo zamani angelicheka.

Lilimjia lote. Ua la waridi kwanza, jekundu, zito, kama chumba kilichojaa watu wanaokupenda. Kisha udi ukainuka nyuma yake, moshi na ngozi na kuni za zamani. Alikaa kitandani, akashika kifua. Alikuwa ameishi na kitu kikubwa hivi, akakipaka kila siku kama mtu anayepaka chokaa, asijue. Aliogopa kidogo hata kupumua haraka, kisije kikaondoka. Wageni walipobisha hodi alimwacha mumewe awafungulie.

Jumatatu aliamka, akaoga, akapuliza mara moja kifuani, akavaa sare iliyonukia jua. Alipofungua mlango wa kliniki alisimama kizingitini.

Palikuwa na karafuu. Mafuta ya karafuu ya dawa ya jino yamejaa chumba kizima. Chini yake mpira wa glovu, mnanaa wa kusukutulia, chuma kilichotoka kwenye mvuke kikiwa bado cha moto. Amefanya kazi humu tangu watoto wake wadogo, na hakuwahi kujua kwamba chumba hiki kina harufu yake chenyewe. Alivuta pumzi tena, taratibu, kama anaingia nyumba ya ibada.

Daktari alikuwa anavaa glovu. Alimsogelea, akasimama mahali ambapo mgonjwa angekuwa, akanusa.

"Sisikii kitu," alisema. Kisha, kwa aibu kidogo, "Karibu sana na wewe kuna kitu kama shuka. Lakini ni chako."

"Mgonjwa je?"

"Tutaona."

Mgonjwa alikuwa dereva wa lori, mwili mkubwa, mikono kama makasia, jasho limemlowesha kabla hata hajalala. Alipandisha miguu kwenye kiti kama mtu anayepanda jukwaa la kunyongwa.

"Itauma?" alimuuliza Waridi, si daktari.

"Kidogo. Ukiona inauma, nifinye mimi."

Akamwinamia. Akasubiri uso ule ukunjike, ugeuke, utafute hewa. Dereva alivuta pumzi ndefu ya hofu, kwa pua, yote, na uso ukabaki palepale, macho yanamtazama yeye. Sindano ikaingia. Kile kiganja kikubwa kikaja kikashika mkono wake.

Daktari alinyoosha mkono bila kugeuka, na kioo kilikuwa tayari kinamfikia.