Miezi Mitatu, Si Mwaka

Mkataba wangu wa kazi ulikuwa wa miezi mitatu. Karani wa mizani kwenye chama cha ushirika wa kahawa, huko Kanazi, msimu mmoja basi. Nilitoka Biharamulo na begi, ndoo, na mwanangu wa miezi saba mgongoni. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu. Bila chumba karibu na ghala la chama, mtoto angenyonya saa ngapi? Hakuna chumba, hakuna kazi. Ndivyo ilivyokuwa.

Nikampata dalali mwenye maneno mengi kuliko funguo. Chumba alichonionyesha, siwezi kusema uongo, kilikuwa kizuri: sakafu ya saruji, dirisha lina nondo, dakika tano mpaka ghalani. Kisha ndipo akasema kodi ni ya mwaka, yote mwanzoni.

"Kazi yangu ni ya miezi mitatu," nikamwambia.

"Lipa tu mwaka, dada. Ukiondoka utatafuta mtu umwachie."

"Yaani nifanye kazi yako ya udalali, na wewe bado nikulipe?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Kodi ya mwaka ingemeza mishahara yangu yote, halafu nirudi Biharamulo huku nimeulipia ukuta mtupu miezi tisa. Nikamwambia anipeleke kwa mwenye nyumba.

Alikuwa mama mtu mzima, amekaa uani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wako yuko wapi?"

"Anayepanga ni mimi, mama. Mwenye mkataba wa kazi ni mimi." Nikautoa, nikauweka juu ya ungo wake, katikati ya maharage.

Akapangusa mikono. Akausoma taratibu mpaka kwenye muhuri. Halafu akarudi kwenye maharage, akanieleza, bila kuniangalia, kwamba mpangaji aliyepita alikuwa kibarua wa barabara. "Alisema anakaa mwaka, akaomba alipe kidogo kidogo. Mwezi wa pili kaondoka alfajiri na balbu yangu na kufuli yangu. Chumba kikakaa kitupu mpaka panya wakakiona chao."

"Huyo alikudanganya mwaka. Mimi nakwambia ukweli, miezi mitatu. Bora nani?"

Dalali akakohoa. Mama akaacha kuchambua.

"Nalipa yote mitatu leo," nikaendelea. "Mwezi wa pili ukiisha nakuletea barua: naondoka au naongeza. Kama naondoka, mwezi wa mwisho wote huyu bwana alete watu waone chumba, hata nikiwa ndani napika. Utakuwa na mwezi mzima wa kutafuta mtu."

Akamtazama mwanangu. "Na huyu, analia?"

"Analia sana. Kwamba atanyamaza, hilo siliandiki kwenye mkataba."

Mama akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Twende kwa mtendaji."

Ofisini kwa mtendaji wa kijiji, dalali ndiye aliyejaza fomu za kupanga, zile za kununua dukani, zimeshachapwa "mwaka mmoja". Akakata maneno hayo, akaandika juu yake "miezi mitatu", akaongeza mstari wa ile barua. Mtendaji akafungua kidau cha wino. Dalali akanisogezea kalamu.

"Saini hapo, dada, mtoto kachoka."

Mtoto alikuwa amelala fofofo. Nikaigeuza karatasi. Nyuma, kipengele cha sita: mpangaji akiondoka kabla ya mwaka mmoja kwisha, atadaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Hapo palikuwa safi, hapakuguswa na kalamu ya mtu.

"Na hii?"

"Aa, hiyo ni ya kawaida tu. Hakuna anayeisoma."

"Mimi naisoma! Nimesoma mpaka kidato cha nne ili niisome."

Mama mwenye nyumba akachukua fomu, akaisogeza mbali na macho yake. "Miaka yote nazinunua hizi," akasema polepole, "sikuwahi kugeuza nyuma."

Tukakikata kipengele chote. Dalali akadhani tumemaliza. Nikamwambia bado: kwenye mizani, namba iliyokatwa bila sahihi ya karani na ya mkulima ni namba ya wizi. Tukaweka sahihi mimi na mama kando ya kila palipokatwa, mbele na nyuma, mtendaji akashuhudia na kugonga muhuri. Nakala mbili, moja yangu.

Jumatatu nilikuwa kwenye mizani. Mtoto namwachia binti wa jirani; saa nne nakimbia kumnyonyesha, narudi.

Msimu haukuongezwa. Siku mwezi wa pili ulipoisha nilimpelekea mama barua yangu ya kuondoka. Akaisoma yote, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu, akajicheka mwenyewe.

Wiki iliyofuata dalali alimleta dada mmoja, mwalimu wa kujitolea. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikamsikia anamuuliza mama kwa woga kama angeweza kupanga miezi mitatu tu.

Mama akaingia ndani, akatoka na fomu mpya. Alikuwa ameshaikata, mbele na nyuma, na sahihi yake ipo kando.