Salamu Niliyoipa Kabati

Nilikuwa ninapokea wagonjwa kwenye kituo kidogo cha afya hapa Kisangani. Nilikaa mlangoni, mwanga wa nje mgongoni mwangu, nikiita majina huku nimeinamia daftari. Mama mmoja alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi. Nilimwita mara mbili, hakuinuka, nikaiweka fishi yake, karatasi ya matibabu, chini ya zote.

Saa sita akaja mwenyewe, akagusa sikio, akatikisa kichwa. Nami nikafanya nini? Nikapaza sauti! Kisha nikageukia kabati kutafuta kalamu. "Bonjour mama, uko na ugonjwa gani?" niliziuliza chupa za dawa. Nilipogeuka, alikuwa ameshaondoka.

Baadaye fundi cherehani mmoja, kiziwi, alinifundisha kwa mikono na maandishi. Toka nyuma ya meza. Simama mwanga ukupige usoni. Punga mkono mpaka akuone, msalimu, fungua viganja ajue uko tayari, halafu mwonyeshe karatasi, achague mwenyewe kama mtaandikiana. Kazi ya dakika moja, na mimi nilikuwa na asubuhi nzima.

Juzi nilimkuta yule mama sokoni, akiuza pondu, majani ya muhogo. Nikasimama mbele yake, jua usoni, nikapunga, nikamsalimu taratibu, nikafungua viganja.

Alinitambua. Aliitazama mikono yangu mpaka ikatulia. Kisha akafumba macho, na samahani yangu ikakosa pa kuingilia.