Mfuko Mmoja wa Simiti

Mwalimu Kioko hakuwa mtu wa hasira, ila simiti ile ilimpandisha mori. Alikuwa ameililia miezi kadhaa ili shule yake hapa Garissa ipate birika la kuhifadhi maji ya mvua kabla ya masika, watoto wasichote tena maji ya Mto Tana chini ya ulinzi wa askari. Sasa mifuko imefika na msafara wa malori yanayolindwa na askari kutoka Thika, na kila mfuko una upande mmoja mgumu kama jiwe. Alijaribu kuvunja donge kwa vidole. Donge likibomoka, simiti bado ni nzima. Hili halikubomoka.

Akaketi akamwandikia Kang'ethe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Barua ilikuwa kali. Ilisema duka limemuuzia mali iliyolala ghalani, na ibadilishwe yote. Kisha akampelekea Abdow, dereva aliyeileta simiti ile, aibebe barua hiyo msafara ukirudi.

Abdow aliomba asomewe. Aliposikia neno ghala, akainua mkono kumkatiza.

"Mwalimu, hiyo barua iko na makosa," alisema. "Simiti ilitoka duka nzuri. Sisi ndio tuliharibu."

Akaeleza. Nyuma ya lori kulikuwa na abiria. Msafara uliposhambuliwa njiani na risasi zikaanza kulia, askari walilitoa turubai wapate kulenga, naye Abdow akapanga mifuko ukutani mwa lori, watu wakalala nyuma yake. Mapigano yalipokwisha ikanyesha, na turubai lilibaki njiani. Hakusema kwa sababu kwa siku hizi Msomali akifika na mzigo ulioharibika, nani atamngoja amalize maneno?

Kioko aliona haya. Duka likikana kosa, barua yake ingemfukuzisha kazi mtu huyu. Lakini akisema kweli, Kang'ethe ana haki ya kukataa, na birika ndiyo basi. Halafu likamjia jambo lingine, moyo ukampiga: mkewe alikuja na lori hilohilo.

Nyumbani, mkewe Mwikali alikuwa akipepeta mahindi. Alipoulizwa hakuinua uso.

"Ningekuambia, ungenirudisha Machakos," alisema.

Kioko akaenda stoo, akaigeuza mifuko mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa na tundu la risasi upande mmoja tu. Upande wa pili, walikolala watu, karatasi ilikuwa nzima. Akasimama pale kwa muda mrefu, akilia bila kujificha.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Alieleza yaliyotokea njiani, akakiri kwamba duka halina kosa, na akaomba wabadilishiwe kwa wema tu, kwa ajili ya watoto. Mwishoni akaongeza: "Naomba unibadilishie yote isipokuwa mfuko mmoja. Huo sirudishi."

Kang'ethe alibadilisha, na Abdow ndiye aliyeleta mifuko mipya. Birika lilijaa masika yaleyale. Mfuko ule wenye risasi uliganda kabisa ukawekwa mlangoni kwa Mwalimu, na jioni Mwikali huukalia akichambua maharagwe.