Gari la Jumamosi

Tangazo lile niliandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko niliojivunia, nikalibandika ukutani, mapokezi ya gesti ninakofanya kazi. Kiingereza juu, Kiswahili chini: vyumba vya kupumzika mchana, saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa abiria walioshuka Migori alfajiri na wanaosubiri basi la Mwanza. Gari letu litakufikisha mpakani.

Mwenye gesti ni Msabato. Aliniambia niandike kwamba Jumamosi gari halitoki. Kwa Kiingereza niliandika. Kwa Kiswahili karatasi ilikuwa imebaki kidogo, nikaona nisihangaike. Nani hapa Migori hajui Sabato? Kiingereza ni cha wageni, nikajiambia. Kichwa changu kilisahau kwamba mpakani ni mwendo mfupi tu, na wageni wetu wa ng'ambo ya pili wanasoma Kiswahili kuliko sisi.

Jumamosi moja akaja mama wa makamo, amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi. Mama yake mzazi alikuwa anazikwa kesho yake, Ukerewe. Tiketi yake ilikuwa ya basi linaloondoka Sirare, ng'ambo ya mpaka, saa nane na nusu. Kama angelipata hilo, angelala Mwanza na kuwahi kivuko cha asubuhi. Alisimama mbele ya tangazo, akalisoma polepole.

"Dada, naomba uniamshe saa saba."

"Sawa, mama."

Nilimwamsha saa saba kamili. Akaoga, akaja kuketi mapokezi na begi lake magotini. Mimi nikaenda kubadilisha mashuka, nikidhani kuna mtu anakuja kumchukua. Niliporudi ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Mama, bado uko? Kwani unangoja nani?"

"Nangoja gari lenu."

Nilipiga simu ya dereva. Imezimwa, alikuwa kanisani, ufunguo mfukoni. Nikakimbia kumtafutia mama bodaboda. Alipokuwa akipanda, aliligeukia tangazo kupitia mlango uliokuwa wazi, akasoma ile sehemu ya juu kwa shida, neno moja moja.

"Kwa Kizungu mmesema," aliniambia, bila kupandisha sauti.

Niliona aibu, na bado ninayo.

Jioni nilimpigia. Basi lilikuwa limeondoka akiwa bado kwenye foleni ya uhamiaji, akadandia gari dogo lililoishia Musoma, na huko akalala. Jumatatu akanitumia ujumbe: "Nimefika, dada. Nilikuta wameshamzika."

Siku hiyo hiyo nilibandua karatasi nikaandika nyingine, sentensi kwa sentensi, Jumamosi kwa herufi kubwa katika lugha zote mbili. Mwenye gesti aliisifu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu huja kila Sabato, gari likiwa limeegeshwa uani, nami nikimsomea kila mgeni ile sentensi kwa sauti, hata asiyeniuliza.