Mistari Kumi na Miwili ya Wodini

Jirani yangu wa chumba cha pili pale Kariakoo alikuwa Mshihiri, Mwarabu muuza kahawa. Mkewe alifika kutoka kwao akiwa mjamzito, na Kiswahili chake kilikuwa "ahsante" peke yake. Alisema ahsante akipewa, akinyimwa, na hata siku mbuzi wa mwenye nyumba alipomlia ukingo wa mkeka wake. Ndani ya nyumba ilitosha. Lakini mimba ilikuwa ya taabu, na mkunga alikwishasema huyu azalie hospitali. Huko wanaume hawapiti mlango wa wodi, na wauguzi hawajui Kiarabu.

"Ataumia, atasema ahsante," mumewe aliniambia. Hakuwa anatania.

Msaada ulitoka kwa Mhindi mwenye studio ya picha, mtaa wa nyuma yetu. Jirani yake Bohora alikuwa na kijitabu cha kuwafundisha Wahindi Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja wa mgonjwa, mistari kumi na miwili. Kushoto maneno kwa Kigujarati, katikati Kiswahili kwa herufi za Kizungu, na kulia Kiswahili kile kile kwa herufi za Kiarabu, irabu zote zimetiwa, ili msomaji ajue kutamka. Mwanamke yule alisoma chuoni kwao, chuo cha Kurani. Safu ya kulia angeitamka bila kukosea hata kama haelewi, na ile ya katikati muuguzi angeisoma akionyeshwa kwa kidole. Kilichokosekana ni maana tu.

Niliuliza kwa nini mume asiandike karatasi yake mwenyewe.

"Kwa Kiswahili kipi?" Mhindi akasema. "Hiki anachouzia kahawa? Muuguzi atadhani mgonjwa amepandwa na homa."

Mwenye kitabu hakutaka kiandikwe wala kilale nje. Kwa hiyo Mhindi akaupiga picha ukurasa, akaukuza ukawa kama sinia. Akawa anasoma Kigujarati mstari kwa mstari, anatueleza kwa Kiswahili. Mume anaandika Kiarabu kwenye utepe wa karatasi nyeupe, anaukata kwa kipimo cha mstari wake, anaulaza juu ya Kigujarati. Safu nyingine mbili hazikuguswa. Mpango ulikuwa kubandika tepe zote kwa gundi, kisha kuupiga ukurasa picha upya, utoke safi kama uliochapwa.

Mimi nililetwa kwa ajili ya bei. Mhindi alitaka ya picha mbili, ile ya kukuza na ile ya mwisho. Nikamwambia ile ya kukuza hatuichukui, tunalipiaje kitu kinachobaki kwake? Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikapata nakala mbili za mwisho kwa bei ya moja na nusu. Mume akashangaa nakala ya pili ya nini. Nikamwambia atajua kazi yake mbele ya safari. Kwa kweli nilikuwa sijui. Ni bei tu iliyokuwa nzuri.

Hatukuwa tumebandika hata utepe mmoja mtoto wa mwenye nyumba alipokuja mbio. Uchungu umeanza, na siku zake bado. Mume akaacha kalamu wazi akaondoka. Alivyoufungua mlango kwa nguvu, upepo ukaingia na tepe zikaenda sakafuni, nyingine chini ya kiti cha wateja.

Mhindi akapiga magoti akaziokota. Kiarabu hajui. Mimi herufi nilizijua za chuoni, za kusoma bila kuelewa.

"Utajuaje mahali pake?" nikamuuliza.

"Si amezikata kwa kipimo? Kila moja itakaa kwake."

Na kweli zilikaa. Ndefu kwenye ndefu, fupi kwenye fupi, hakuna iliyopwaya. Nikahesabu tepe: kumi na mbili. Nikahesabu tena. Nikaridhika, kwa sababu wakati ule niliamini kitu kikitimia hesabu kimetimia chote.

Kabla ya alasiri nilikuwa hospitali na nakala zangu mbili, karatasi bado ina ubaridi wa maji ya dawa. Mume alikuwa kwenye benchi la nje, anavuta shanga za tasbihi kwa kasi ambayo sidhani hata moja ilipata dhikri yake. Mhudumu wa wodi, mama mnene wa Kizaramo, akapokea nakala moja mlangoni, akaitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ndiyo kazi ya Mwarabu? Haya, atazungumza leo."

Akaingia nayo. Tukakaa. Nilijaribu kumsemesha mume habari za bei ya buni, yeye akazidi kuvuta shanga. Mara mtoto akalia ndani, kilio chembamba, lakini wodi ile ilikuwa na wazazi wengi na hatukujua ni wa nani.

Mama akatokeza kichwa. "Amejifungua. Wa kiume, mdogo lakini anapumua."

Mume akafunika uso kwa mikono.

"Na ile karatasi inafanya kazi," mama akaendelea. "Mkeo ana kiu ya ajabu. Nataka maji, nataka maji. Nikimpa anasukuma bilauri, kisha ananionyesha mstari ule ule. Mzuri, ila ana deko."

Akacheka, akarudi ndani. Mume naye akatabasamu. Mimi nikatoa nakala ya pili kifuani nimwonyeshe mstari ulipo, tuone pesa yake ilivyofanya kazi. Nikaukuta kulia: nataka maji, irabu zote zimetiwa vizuri. Nikapeleka kidole kushoto kwenye utepe wake, nikaunganisha herufi kama kwa mwalimu. Hazikutamka maji ya aina yoyote. Mwisho wake palikuwa na herufi dali na mim, dam, na neno hilo hata asiyejua Kiarabu analijua.

"Hapa umeandika nini?" nikamuuliza.

Akasoma. "Anzifu daman." Kisha sauti ikapungua. "Mimi natoka damu."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kugonga ule mlango kwa viganja viwili na mama kufungua huku amekasirika.

"Hana kiu," nikamwambia. "Maneno yamebadilishana mahali. Anasema damu inamtoka."

Alinitazama kidogo tu, kisha nikasikia kandambili zake zikikimbia na sauti yake ikiita muuguzi mkubwa. Mlango ukafungwa.

Muda uliofuata mume alishika nakala na kuisoma kuanzia juu mpaka chini, mimi namtamkia Kiswahili, yeye Kiarabu. Kumi zilikuwa sawa. Mbili tu, fupi, za urefu mmoja, zilikuwa zimekaa kila moja kwenye kitanda cha mwenzake. Tukarudia tena kutoka chini kwenda juu. Hakulaumu mtu. Ningeona afadhali angelaumu.

Jua lilikuwa limeshafika miguuni mwa benchi mama alipotoka, gauni lina madoa. "Damu imekatika," akasema. "Daktari amesema mngechelewa kidogo..." Akarudi kazini.

Hatukuwa tumepumua vizuri mlango ukafunguka tena, safari hii kwa kishindo.

"Anasema damu inamtoka."

Mume akateleza kwenye benchi mpaka chini.

"Umemwangalia?" nikauliza.

"Nimemwangalia, muuguzi amemwangalia. Shuka kavu. Na yeye ametulia, ananionyesha mstari tu."

Nikaichukua nakala nikaitazama. Nikaitazama tena. Kisha nikampa mume, maana kwa neno hili sikutaka kuziamini herufi zangu za chuoni. Akasoma akiwa bado ameketi sakafuni.

"Maji," akasema. "Anataka maji."

Mama akaondoka. Aliporudi tulikuwa bado hatujabadili mkao.

"Bilauri mbili," akasema. "Halafu akaniambia ahsante."